Kodi Haikuwamo Kwenye Bei ya Sare

Aliyekuwa akiua karakana yangu ya ushonaji hapa Garsen ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, na simfichi. Ndiye aliyenipangia bei ya sare za shule: kitambaa, uzi, vifungo na ujira wa fundi, shilingi mia tano na hamsini, faida hamsini, uza mia sita. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikamwamini. Wateja walijaa, lakini kodi ilinishinda, hadi mwenye nyumba akaapa kunifungia mlango.

Nikaenda kumlilia mama Msomali anayeniuzia vitambaa. Akaniuliza, "Na kodi, dada, inalipwa na sare ipi?"

"Hakuna."

"Basi unawavisha watoto wa watu kwa mfuko wako."

Tukapiga hesabu hapo hapo dukani. Kodi, umeme na matengenezo ya cherehani ni elfu kumi na mbili kwa mwezi, na sare tunashona mia na ishirini. Kila moja ibebe mia. Kumbe ilinigharimu mia sita na hamsini, nami nilipoteza hamsini kila nilipouza. Tukaongeza faida, sehemu moja ya tano ya gharama, ikawa mia saba na themanini.

Shemeji aliposikia bei mpya akacheka: "Utabaki na nzi, shemeji."

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa Kiorma. Nilimtajia bei. Akauvuta mshono wa sare kwa nguvu, haukuachia. "Ile ya bei rahisi niliyonunua kwingine ilipasuka kabla ya muhula kwisha," akasema, akaagiza nne.

Mwezi ule nililipa kodi siku yake. Nililala usingizi niliokuwa nimeusahau.