Mraba kwenye Mlango wa Ghala

Mukisikia mutu yeyote hapa mtaani Mulongwe anamusema vibaya Prof Ndahiro, mumulete kwangu. Minye Louise, Mama Amahoro, muuza mawese karibu na daraja, nitamujibu mwenyewe. Na mdomo ninao, kila mtu anajua.

Prof Jean-Berchmans Ndahiro anafundisha biolojia sekondari; huku kwetu mwalimu wa sekondari tunamwita Prof. Ni mtu wa milima ya juu, mtoto wa wafugaji, mrefu, mwenye kusema polepole mpaka unataka kumsukuma maneno yatoke. Mfuko wa shati lake ni mweupe kwa chaki. Siku za mvua, mto ukiingia kwenye vichochoro vyetu, utamwona anapita na viatu mkononi, suruali imekunjwa, anasalimia kila mlango. Shuleni kwake vitabu ni vichache, basi anaandika karatasi ya mazoezi kwa mkono, wanafunzi wanaipiga picha, wanarushiana kwa simu, wanajibu, kisha wanampigia picha ya majibu. Anazisahihisha akiwa amekaa pale kwa kinyozi anayechaji simu za watu. Jibu lake la kwanza sisi wote tunalijua: "Piga picha tena, mwanga umefuta maandishi."

Minye wakati ule nilikuwa namfahamu kwa salamu tu. Nilikuwa na mambo yangu.

Amahoro wangu alizaliwa mweupe pee, nywele kama za hindi bichi, macho yakikimbia mwanga. Albino. Nilimpenda palepale, sitaki kudanganya, na Pontien mume wangu alimbeba akaimba. Lakini wifi yangu Annie, dada mkubwa wa Pontien, alikuja kumtazama mtoto, akanywa chai yangu, akamaliza, ndipo akasema: "Kwetu hakuna nyamweru. Huyu ametoka wapi?" Nyamweru, neno la kumtusi albino! Mtoto hajamaliza hata juma duniani! Nilimwondolea kikombe mkononi nikamwonyesha njia.

Kumbe nilikuwa nimefungua vita. Maneno yalifika Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga ya familia yao, yakarudi yameota mapembe. Eti Louise anauza mawese mpaka kwa wanaume wa mbali. Pontien alinitetea mwanzoni. Halafu akaanza kunyamaza, na kunyamaza kwa mwanaume mnakujua nyinyi wenyewe, kunatisha kuliko kelele.

Siku moja Annie akaweka picha kwenye kundi la simu la familia. Ilikuwa karatasi ya mazoezi ya binti yake Divine, aliye mwaka wa mwisho wa biolojia na kemia. Namba tatu ilikuwa na mraba wenye vyumba vinne, juu A na A, pembeni A na A, ndani kila chumba AA. Chini Divine ameandika vizuri kabisa: "Watoto wote rangi ya kawaida, mia kwa mia. Albino, sufuri." Na Annie akaongeza sauti yake: "Si minye nasema. Ni sayansi inasema. Wazazi wawili wa kawaida hawazai albino." Baba mkwe wangu, Mzee Thaddée, akajibu kwamba Jumapili tukutane Luberizi, nije na mtoto na vitu vyangu.

Vitu vyangu! Mlielewa? Nirudishwe kwetu kama sufuria iliyotoboka. Pontien alisoma ujumbe ule, akaweka simu juu ya meza, akatoka nje. Nililia, kisha nikakasirika, na mimi hasira inanifaa zaidi. Nikamfunga Amahoro mgongoni, nikamvika kitambaa kichwani, nikaenda mpaka kwa kinyozi.

"Weye ndiye unafundisha watoto kuvunja ndoa za watu?" nikamuuliza Prof mbele ya wateja.

Aliniangalia, akaangalia mgongo wangu, akasogea ili nikae kivulini. "Nionyeshe picha, mama."

Nikampa simu. Akaivuta kwa vidole, akaipeleka huku, akaipeleka kule. Nikangoja amalize. Kumbe ameanza na namba moja!

"Prof, shida yangu ni namba tatu!"

"Nimesikia, mama. Ninaanzia juu siku zote." Na akaendelea, jamani, mimi natokota, yeye anahesabu. "Namba moja. Mbegu za mviringo Rr, na za makunyanzi rr. Mraba unatoa viwili Rr, viwili rr. Nusu kwa nusu. Ni sawa. Namba mbili, Rr kwa Rr. Mraba ni sawa: RR moja, Rr mbili, rr moja. Lakini ameandika mviringo mbili, makunyanzi mbili. Hapana. RR na Rr zote zinaonekana mviringo, kwa hiyo ni tatu kwa moja. Amenakili jibu la juu." Akatikisa kichwa. "Divine huyu, haraka zitamuua."

"Na namba tatu?"

Akasoma. Akasoma tena. Halafu akacheka kidogo, na mimi nikamwambia akicheka tena namwagia maji ya ndevu ya kinyozi.

"Mama, mraba huu hauna kosa. AA kwa AA inatoa AA nne, ni kweli. Kosa liko kabla ya mraba. Angalia swali nililowapa. Wazazi wawili wa rangi ya kawaida, mkato, kila mmoja ana mzazi mmoja albino. Amesoma mpaka kwenye mkato tu, akaacha. Mtu ambaye mama yake ni albino lazima amepokea a ndogo kutoka kwake. Hawezi kuwa AA. Hao wazazi wote ni Aa. Karatasi hii alinitumia nisahihishe, na simu yangu ilikuwa imezima. Bado sijairudisha."

Mnaona? Familia nzima ilikuwa inanihukumu kwa kazi ya nyumbani ambayo haijasahihishwa! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia: "Prof, Jumapili twende Luberizi." Hakuniuliza ni kwa nani wala kuna nini. Alisema tu kwamba atatoka kanisani mapema.

Alikuja kweli, na shati lake la Jumapili lenye mfuko uleule mweupe. Tuliwakuta wamekaa uani mbele ya ghala la mpunga: Mzee Thaddée, mama mkwe wangu Bénédicte, Annie na Divine, ambaye alipomwona mwalimu wake alitaka kuingia chini ya kiti. Pontien alisimama pembeni. Prof aliwasalimia mmoja mmoja, akaomba ruhusa kwa mzee, akachora mraba kwenye mlango wa ghala.

"Kila mtu ana herufi mbili za jambo hili," akasema, "moja ya baba, moja ya mama. A kubwa inatia rangi. a ndogo haitii. Ukiwa na kubwa moja tu, inatosha, ngozi yako ni kama yangu, na ile ndogo imekaa kimya ndani. Divine, njoo. Baba Aa, mama Aa. Jaza."

Divine akajaza. AA. Aa. Aa. aa.

"Soma uwiano."

"Tatu kawaida, moja albino, Prof."

"Kwa hiyo wazazi wa kawaida wanaweza kuzaa albino?"

"Wanaweza, Prof." Sauti ilikuwa ndogo, lakini uani kote ilisikika.

Annie akaruka: "Hayo ni ya karatasi! Na hii haionyeshi kama baba ni Pontien!"

"Haionyeshi, mama," Prof akasema bila kupandisha sauti. "Mraba hautaji jina la mtu. Unasema jambo moja tu: rangi ya mtoto huyu si ushahidi dhidi ya mama yake. Mzee, kwenu mna ng'ombe. Ng'ombe mweusi na fahali mweusi wakizaa ndama mwekundu, huwa munamfukuza ng'ombe?"

Mzee Thaddée akakuna kidevu. "Hapana. Tunasema amemrudia bibi yake."

Hapo ndipo mama mkwe aliinuka. Mama Bénédicte ni mtu wa maneno machache, hata bwana wake husahau kwamba yupo. Akaenda mpaka kwenye mlango, akaweka kidole kwenye chumba cha mwisho, kile cha aa.

"Huyu ni Donatien," akasema. "Kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja. Alizaliwa hivi, kule Katogota. Walimficha ndani kwa sababu ya maneno ya watu, akafa bado mdogo, na tukakatazwa kumtaja. Annie, unasema kwetu hakuna. Kwetu yuko. Minye nilimbeba mgongoni." Kisha akamgeukia Pontien. "Na hiyo herufi ndogo, mwanangu, pengine ni minye nilikupa."

Pontien alikuja akanifungua kanga mgongoni, akamchukua Amahoro, akamwambia mbele ya wote: "Nisamehe, baba." Ndiyo, anamwita mtoto baba, kwa heshima ya babu yake. Mimi aliniomba msamaha baadaye njiani, na sikumsamehe haraka, nilimwacha asukume pikipiki kwenye tope kwanza.

Vitu vyangu vilirudi Mulongwe nami. Annie alileta mchele badala ya kuomba msamaha, nikapokea mchele. Divine alirudia karatasi yote, na siku hizi anasoma swali kwa sauti mpaka nukta, anatuchosha.

Kabla hatujaondoka siku ile, Mzee Thaddée alimfuata Prof. "Basi mmoja ameshakuja. Watatu wanaofuata watakuwa kawaida, si ndiyo?"

"Hapana, mzee. Hawapangi foleni. Kila mimba inaanza upya: moja kati ya nne, kila mara. Anaweza kuja wa kawaida, anaweza kuja mwingine kama Amahoro." Mzee hakufurahi, lakini alisikia.

Mwaka huu nimezaa tena. Binti. Nilipomwona mkunga anamkagua nywele mara mbili, nilijua ni mweupe kama Amahoro, na nakiri niliona tena ule uani wa Luberizi. Asubuhi mlango ulifunguliwa, akaingia Mama Bénédicte na tope la barabara miguuni. Hakuuliza mtoto ametoka wapi. Alikuwa na kofia mbili za kitambaa, ukingo mpana, ameshona mwenyewe tangu mimba ikiwa changa. Moja kubwa ya Amahoro, moja ndogo kama ngumi.

"Kama hii ndogo isingehitajika, ningemwekea mtoto mwingine atakayekuja," akasema. Akamvika binti yangu, akafunga kamba chini ya kidevu, akamtoa nje kumwonyesha watu.