Dayari Niliyoisahihisha kwa Wino Mwekundu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuisahihisha.

Nilimnunulia mtoto wa dada yangu dayari alipotimiza miaka kumi na moja. Ilikuwa na jalada gumu la zambarau, kufuli dogo pembeni na funguo mbili nyembamba kama vijiti vya meno. Niliikuta Bariadi mjini, jirani na steshenari ninayochapia barua, na nilisimama dukani karibu saa nzima nikikagua kama kurasa zimebandikwa sawasawa. Mwenye duka aliniuliza kama nanunua daftari au nanunua kiwanja. Ndivyo nilivyo. Kitu kikipinda kidogo sipati usingizi.

Kuchapa sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama wenzangu na kurudia pale ambapo mwingine angeacha. Watu wanaleta barua za kuomba kazi, za shamba, za kuomba uhamisho, nami nazinyoosha. Nikiona herufi imekosewa, mkono unakwenda wenyewe. Naeleza hili si kwa kujitetea. Naeleza ili ieleweke kwamba nilijijua, na bado nilifanya.

Siku ya kumpa nilitoa hotuba. Nilimwambia aandike kila siku, tarehe juu kulia, mwandiko usimame, asiruke mistari. Ufunguo mmoja nikampa, wa pili nikautia kwenye funguo zangu za kazini, nikasema ni wa akiba, asije akapoteza wake. Alisema asante anko, akaikumbatia ile dayari kifuani. Mimi nikaona nimefanya jambo kubwa. Kumbe nilikuwa nimempa chumba na kubaki na mlango.

Siku ya tano alikuwa tuisheni. Mimi nilirudi mapema kwa sababu umeme ulikatika kazini. Dayari ilikuwa juu ya godoro lake. Nilijiambia naangalia tu kama anafuata utaratibu. Nilifungua. Nilichokisoma sitakiandika hapa, kwa sababu si changu, na laiti ningelijua hilo siku ile. Nitasema tu kwamba zilikuwa kurasa nne, zimejaa, na kwamba baada ya mistari michache niliacha kusoma alichosema nikaanza kuona alivyokosea. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilikata, nikaandika juu yake, nikaweka nukta zilizokosekana. Mwishoni mwa ukurasa wa nne niliandika: Vizuri, ongeza bidii.

Aliporudi hakulia. Alikuja sebuleni nilipokuwa nakunywa uji, akasimama na daftari lingine mkononi.

"Anko," alisema, "nikupe na la hisabati?"

Nilicheka kwanza, nikidhani ni utani. Halafu nikamwona uso. Nilitoa ule ufunguo wa akiba, nikamnyooshea. Hakuupokea. Aliniambia nikae nao tu, humo hakutakuwa na kitu tena.

Lakini dayari haikukaa tupu, na hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumtupia. Aliiacha mezani, wazi, kufuli limening'inia. Kila siku ukurasa mmoja, tarehe juu kulia, mwandiko umesimama. Leo nimeamka saa kumi na mbili. Nimefagia uwanja. Nimekula ugali na mlenda. Namshukuru Mungu na wazazi wangu. Kesho yake hivyo hivyo, mlenda ukiwa maharage. Hakukuwa na kosa hata moja. Ilikuwa dayari niliyoiagiza mimi, na ilikuwa ya uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Dada yangu aliipenda. Katika nyumba yetu daftari la mtoto ni la kila mtu. Jioni mzazi anakagua, anatia sahihi, mgeni akiwepo naye anaonyeshwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na daftari lisiloonyeshwa lilikuwa daftari la mtoro. Kwa hiyo jirani akija kuazima jembe, dada anamsomea ukurasa. Mwenzake wa kwaya akija, anamsomea. Wanasifu, mtoto huyu ana akili jamani, huku mwenyewe amekaa pembeni akichambua mchele kama anayesikiliza habari za mtoto wa nyumba nyingine. Mimi nilijua. Nilitaka kumwambia dada aache, na sikumwambia, kwa sababu ningelazimika kumweleza ilianzaje.

Wiki zikapita. Mtoto akaanza kupungua maneno. Halafu zikaja Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi tumbo linauma, kichwa kinauma, soksi haionekani. Dada alimpeleka zahanati, wakapima, hakuna kitu. Ijumaa ya tatu alimlazimisha kwenda, na mtoto akaenda analia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa darasa la kwanza. Wakati huo alikuwa la tano.

Siku hiyo hiyo dada alitoa mito juani. Mito yetu imejazwa pamba ya nyumbani, anayoshona mama yetu kijijini Kasoli. Alipoupiga mto wa mtoto kwa fimbo, ukatoa sauti ya karatasi. Upande mmoja mshono ulikuwa umefumuliwa na kurudishiwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ndani, katikati ya pamba, kulikuwa na karatasi za daftari zilizokunjwa ndogo ndogo, nyingi. Dada alinipigia simu kazini. Hakunisalimia. Alisema njoo.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, karatasi ziko mapajani, pamba imemganda mikononi.

"Nisomee," alisema. "Mimi mikono imejaa pamba."

Nilimwambia tusisome. Nilimweleza na la kalamu nyekundu, lote, nikiwa nimesimama kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo wewe ulisoma kwa ajili ya nukta," alisema, "mimi mama yake nisisome kwa ajili ya uhai wake? Mtoto wa miaka kumi na moja ana siri gani? Siri zote za nyumba hii mimi ndiye ninayezifua."

Na hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Mtoto anayeogopa siku moja ya juma, huenda kuna mtu anayemngoja siku hiyo. Kama jambo lenyewe limo kwenye zile karatasi, na sisi tunakaa tunazitazama, tutajisamehe vipi? Nilitaka kuzisoma kuliko hata yeye. Vidole vilikuwa vinawasha.

Nilichoweza ni kumpigia mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu, mama aliyekuwa akishughulikia malezi ya wanafunzi miaka mingi. Nilimweleza bila kumtaja mtoto, ingawa alijua. Aliniuliza maswali mfululizo. Ana jeraha au alama mwilini? Hana. Kuna mtu maalumu anayemkwepa, ndugu, jirani, bodaboda? Hatujaona. Amewahi kusema anataka kufa, au kutoroka? Hapana. Analala, anakula? Ijumaa tu ndiyo shida. Akasema kama lolote kati ya hayo lingekuwepo, na mtoto haongei, basi tungesoma, na siku hiyo hiyo tungemwambia tumesoma na kwa nini, tusijifanye hatujui, na tungetafuta msaada. Lakini hatujafika hapo, kwa sababu jambo rahisi kuliko yote hatujalifanya.

"Mmemuuliza?" alisema. "Muulizeni mnachokiogopa. Msimuulize alichokiandika."

Akaongeza kwamba tusizirudishe kimyakimya ndani ya mto. Mtoto anaujua mshono wake. Akikuta umeguswa na watu wazima wanatabasamu, hatatuambia kitu tena hadi aolewe.

Dada alikunja kila karatasi ilivyokuwa, akaziweka kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa sahani. Tuliketi hapo kuanzia saa nane. Malori ya pamba yalipita barabarani, vumbi likaingia, hatukufunga dirisha. Mara mbili dada aliinua sahani akaishusha. Mara moja niliinua mimi.

Mtoto aliingia saa kumi na robo. Aliona mto uliofumuliwa kabla hajatuona sisi. Akasimama pale pale.

Dada alimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama anavyomwita akiwa mgonjwa. "Nimezikuta nikianika mto. Zote zimo humo. Sijasoma. Anko wako naye hajasoma."

"Hata kidogo?"

"Moja ilifunguka ilipoanguka," dada alisema. "Niliona neno mama. Nikaikunja."

Mtoto alikwenda akafunua bakuli, akazihesabu kwa midomo. Kisha dada akamwambia anachoogopa, kwa maneno ya wazi ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia: kama kuna mtu anampiga, au anamgusa mahali pasipofaa, au anamtisha Ijumaa, shuleni au njiani, aseme, na hatamgombeza kwa lolote. Kuhusu hizo karatasi hatamuuliza neno.

Mtoto alitutazama kwa zamu. Alisema hakuna mtu anayemgusa. Ni ile dayari. Mama alimsifia kwa mwalimu wa darasa, na sasa kila Ijumaa mwalimu anamsimamisha mbele aisome kama mfano wa shajara nzuri. Darasa zima linamwita Sista. Akipita wanafumba mikono na kusema namshukuru Mungu kwa mlenda.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa vyote.

"Na siwezi kumwambia mwalimu ni ya uongo," mtoto alisema. "Atasema basi lete ya kweli."

Jumatatu dada alikwenda shuleni. Hakueleza mengi. Alimwambia mwalimu kwamba dayari ile ni mali ya mtoto, si zoezi, na kwamba kosa la kuisambaza ni lake yeye mzazi. Mwalimu hakufurahi, alisema wazazi wa siku hizi, lakini aliacha. Jina la Sista lilichukua muda mrefu zaidi kufa. Hilo hatukuweza kulitengeneza, na liliniudhi kuliko nilivyotegemea: jeraha nililianzisha mimi na dawa yake haikuwa mikononi mwangu.

Mimi niliomba radhi siku hiyo hiyo ya bakuli. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri. Nilipofika nusu, akaniuliza kama nimeyaandika kwanza nikayasahihisha. Nilikubali. Akasema sawa.

Sasa ni mwaka na miezi. Dada alimpa tranka la bati lililokuwa lake la sekondari, na kufuli, na hakuna mtu mzima mwenye ufunguo wake. Tukifagia chumba tunalizunguka. Chumba hakina mlango, kina pazia, kwa hiyo tunapiga hodi nje ya pazia na kungoja. Hatumuulizi leo umeandika nini. Hatumtanii akiwa na kalamu, hata mbele ya wageni, hasa mbele ya wageni. Dada alimwambia mapema ni lini tu angefungua: akiona uhai wake uko hatarini, na hata hapo atamwambia kwanza. Mimi bado vidole vinawasha, na sijui kama anaandika au ameacha. Sijaangalia.