Sababu ya Kufungua Faili

Daktari Audace Niyongabo alikuwa mtu wa kuaminika mpaka siku ile ya Machi alipofungua faili la mchumba wa dada yake.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi wa Kinyarwanda waliokimbilia huko. Baba yao alifariki mapema, hivyo baada ya familia kurudi Kigali ni Audace aliyebeba nyumba. Alisoma udaktari huku akimlipia ada mdogo wake Générose, na kila mwenye neno juu ya binti yule alilipeleka kwake kwanza. Akaizoea nafasi hiyo, pengine kupita kiasi. Alipofika miaka arobaini na moja alikuwa daktari wa idara ya dharura katika hospitali moja ya Kicukiro, jijini Kigali, si mbali na njia panda ya Sonatubes, na wauguzi walipenda kupangiwa naye zamu kwa sababu hakupandisha sauti hata mambo yalipochafuka.

Générose alipoleta mchumba, jina lake Keith, kijana aliyekulia Kampala na kusomea uhandisi, Audace alimpokea vizuri. Kisha mtu akamnong'oneza kwamba Keith aliwahi kulazwa katika hospitali hiyohiyo kwa ugonjwa ambao hakutaka ujulikane. Neno hilo likamkaa kooni. Posa ilikuwa imebaki wiki tatu.

Hospitali yao ilikuwa na utaratibu unaoeleweka. Mgonjwa akiomba, au akiwa na sababu ya kuogopa macho ya watu, faili lake kwenye kompyuta huwekewa kizuizi, na hulifungua wale tu wanaomtibu. Lakini mgonjwa anaweza kuletwa hajitambui, akiwa mikononi mwa daktari asiye kwenye orodha ile. Kwa ajili hiyo madaktari walipewa kitufe cha kufungua kwa dharura. Ukikibonyeza, kompyuta inakutaka uandike sababu. Bila sababu haifunguki. Ukishaandika, faili linakaa wazi kwa saa nne, kila ukurasa unaousoma unaandikwa kwa jina lako na dakika yake, na taarifa inakwenda kwa Madamu Mukandekezi, msimamizi wa siri za wagonjwa. Yeye hapitii siku hiyohiyo. Anapitia baadaye, kwa utulivu, akilinganisha ulichoandika na kilichotokea.

Audace alilijua hilo vizuri. Hata hivyo siku moja mchana, chumba kikiwa kitupu, aliandika jina la Keith, akakutana na kizuizi, akabonyeza. Kwenye sababu akaandika: "Mgonjwa mahututi, hajitambui." Akasoma kwamba miaka mitano nyuma Keith alilazwa majuma mawili baada ya kujaribu kujiua.

Jioni alimwendea dada yake na kumwambia aachane na yule mtu. Générose akamuuliza amejuaje. Akasema amesikia. Dada yake akamjibu kwamba yeye alilijua tangu mwezi wa kwanza wa uchumba, kwani Keith mwenyewe alimweleza.

Siku nane baadaye Madamu Mukandekezi alimwita ofisini. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisema kwamba siku ile ya tarehe kumi na mbili hakuna mgonjwa aitwaye Keith aliyepokelewa popote hospitalini. Audace hakujaribu kujitetea. Alisimamishwa kazi wiki mbili, akapewa onyo la maandishi: akirudia kufungua faili bila sababu ya tiba, jina lake litapelekwa kwenye baraza la madaktari. Na kwa kuwa mwenye faili ana haki ya kujua, hospitali ikamwandikia Keith barua.

Keith hakuja kugomba. Aliiweka barua mezani kwa Générose, akasema hawezi kwenda kuomba mke kwa mtu ambaye ameshamsoma mpaka ndani. Posa ikapokelewa na baba mdogo kutoka Huye. Ndoa ikafungwa ofisi ya wilaya mwezi wa Juni, na Audace akaziona picha kwenye simu ya jirani.

Alirudi kazini mtu mwingine. Akiulizwa jambo, aliangalia kwanza nani anasikia. Mara mbili alikutana na faili lenye kizuizi, na mara zote mbili akamwachia daktari mwenzake alifungue. Wagonjwa wale hawakuwa na haraka, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; ila Audace nyoka alimfuga mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne ya Septemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, alipoletwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu aitwaye Umutoni. Alikuwa amelegea, ngozi baridi, presha iko chini sana, sukari nayo imeshuka. Aliyemleta alikuwa mama muuza mboga aliyeishi naye ua mmoja.

"Iko anatapika tangu juzi, docteur," alisema. "Mimi iko jirani tu. Magonjwa yake sijue."

Audace alifanya yaliyompasa. Alimpa sukari ya mshipani, akafungulia maji mishipa miwili, akachukua damu ya vipimo, akaanzisha dawa za kupambana na maambukizo, kwani joto la ndani ya mwili lilikuwa juu na hali ilifanana na sumu ya vijidudu kwenye damu. Sukari ikapanda. Presha ikakataa. Walipoanza dawa ya kuipandisha, ikainuka kidogo kisha ikarudi palepale.

Winifred, muuguzi mkuu wa zamu, mwanamke aliyekulia Karagwe na mwenye Kiswahili kisichopinda, alikuwa ameshaandika namba ya kitambulisho cha mgonjwa kwenye kompyuta. Faili lilikuwepo. Lilikuwa na kizuizi. Kitufe cha dharura wauguzi hawakupewa, kwa hiyo alimgeuzia Audace kioo.

"Amewahi kutibiwa hapa, Daktari. Fungua tuone."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tisa. Audace aliketi mbele ya kompyuta. Kisanduku cha sababu kilikuwa cheupe, mstari mdogo ukiwakawaka ndani yake. Maneno yaliyomjia ni yaleyale: mgonjwa mahututi, hajitambui. Safari hii yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Aliona barua ya onyo. Aliona Madamu Mukandekezi akivaa miwani yake na kusoma kwa mara ya pili maneno yaleyale kutoka kwa mtu yuleyule.

Akasema ngoja apige simu. Alimpigia Madamu Mukandekezi ili ashuhudie. Simu iliita mpaka ikakatika, maana alikuwa kwenye mafunzo mjini. Akampigia mkuu wa idara. Alikuwa chumba cha upasuaji. Akarudi kitandani, akaongeza maji, akapandisha dawa ya presha, akapiga tena. Akamtuma mtu amtafute daktari wa wodi ya ndani aje afungue yeye. Akilini mwake hakuwa amekataa kufungua. Alikuwa anasubiri tu mtu asimame karibu naye.

Winifred alimfuata pale alipokuwa na simu sikioni, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Daktari, kompyuta haikuulizi ruhusa. Inakuuliza sababu. Sababu ile pale kitandani."

Saa nne na dakika arobaini na moja akabonyeza. Aliandika: "Mgonjwa hajitambui, presha haipandi kwa maji wala dawa, hana ndugu wa kutoa historia, natafuta magonjwa ya zamani na dawa anazotumia." Faili likafunguka. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nyekundu, uliandikwa kwamba tezi zake zilizo juu ya figo hazifanyi kazi, anaishi kwa vidonge vya haidrokotisoni, na akizidiwa apewe sindano ya dawa hiyo mara moja bila kusubiri kipimo.

Alikuwa ametapika siku mbili. Vidonge vyote vilikuwa vimetoka.

Sindano ilikuwepo kwenye kabati la idara, hatua sita kutoka kitandani. Winifred alimchoma ndani ya dakika mbili. Dakika tisa baadaye moyo wa Umutoni ulisimama. Walikikandamiza kifua chake dakika arobaini, na Audace alikuwa wa mwisho kuondoa mikono.

Madamu Mukandekezi alimwita siku ya nane, kama utaratibu ulivyotaka. Alikuwa amelinganisha kila kitu: mgonjwa alikuwepo, daktari alikuwa anamtibu, kurasa alizosoma ni zile tu zilizohusu tiba. Alisema sababu imekubaliwa, na suala limefungwa.

Audace hakuinuka. Alimuuliza kama ameona muda.

"Nimeona," alisema Madamu Mukandekezi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Alipokelewa saa nne na kumi. Ulifungua na arobaini na moja. Fomu yangu inaniuliza kwa nini mtu amefungua. Hakuna mahali pa kuuliza kwa nini amechelewa." Kisha akaongeza kwamba simu yake siku ile aliikuta baadaye, na kwamba hata angeipokea asingekuwa na la kumruhusu, kwa kuwa ruhusa alikuwa nayo tayari. Audace akaona kwamba mama yule naye hakulala vizuri wiki ile.

Kikao cha kujadili vifo kiliandika kwamba mgonjwa aliletwa amechelewa. Mtaalamu mmoja alisema sindano ya mapema huenda ingemwokoa, huenda isingemwokoa. Audace aliomba zile dakika ishirini na mbili, tangu aketi mbele ya kompyuta mpaka alipobonyeza, ziandikwe. Wenzake walitazama meza. Ziliandikwa kwa mstari mmoja.

Mama wa Umutoni, aitwaye Mukagasana, alikuja kutoka Gatsata kuchukua vitu vya mwanawe. Alimkuta Audace kwenye korido, akamsalimu kwa mikono miwili. Alieleza, bila kulalamika, kwamba ni yeye aliyemshauri binti yake afungiwe faili, kwa sababu mume aliyeachana naye, Armel, alikuwa akifanya kazi dirisha la malipo hapo hospitalini na alikuwa na tabia ya kumfuatilia. Waliambiwa wasiwe na wasiwasi, siku ya hatari madaktari watalifungua.

"Sasa nataka kujua jambo moja, mwanangu," alisema. "Ugonjwa wake ulikuwa umeandikwa?"

Angeweza kumpeleka kwa msemaji wa hospitali. Angeweza kusema yalikuwa mapenzi ya Mungu, na mama yule, aliyekuwa na rozari mkononi, angeitikia.

"Ulikuwa umeandikwa, mama. Ukurasa wa kwanza. Niliogopa kufungua."

Mukagasana hakuuliza aliogopa nini. Muuguzi aliyekuwa akipita na kitoroli akaomba njia, wote wawili wakajisogeza ukutani.

"Asante kwa kuniambia," alisema mama. "Lakini siku ya kumaliza kilio usije."

Audace alijibu kwamba amesikia. Akambebea mfuko wa nguo mpaka getini, mama akaupokea bila kumtazama na kupanda pikipiki. Mwezi uliofuata aliomba kuondolewa idara ya dharura. Walimkubalia upesi kuliko alivyotegemea.