Neno la Laban Nabiswa

Watu wa Makongeni walimjua Laban Nabiswa kwa kofia yake ya sufi na kwa kusalimia mpaka mbuzi. Kazini, katika hospitali moja kubwa ya mjini, alikuwa mtunza ghala la mabaki ya mionzi. Mkewe Khalayi aliwaambia majirani kwamba mumewe analinda takataka, na Laban hakubisha, kwa sababu ni kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kungoja. Chupa na vitambaa vya ayodini, dawa wanayonyweshwa wagonjwa wa rovu, huwa na mionzi inayopungua nusu kila siku nane. Laban alivifungia siku themanini, akavipima kwa mashine yake inayotoa mlio, na ikinyamaza aliandika kwa chaki: IMEPOA. Hapo lori lilivichukua kwenda jaa la Dandora. Neno hilo alilichagua mwenyewe, na alilipenda kupita kiasi.

Kule nyuma lilikaa pipa zito la kobalti kuukuu kutoka mashine ya kutibu saratani, likingoja kurudishwa kwa waliolitengeneza. Kobalti ile ilikuwa na nguvu hata ikatoa joto kama balbu ndogo, na Julai, mwezi wa baridi, paka wa hospitali alilala juu yake. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha madini ya risasi chenye sindano za radiamu, nazo zina mionzi, ambazo madaktari walikuwa wameacha kuzitumia. Hicho kilikuwa baridi kama sakafu.

Basi mwaka 1984 Laban akaenda Webuye kumzika shangazi, akamwachia ghala Kiilu, mfagiaji mwenye bidii ya kutisha. Aliporudi Jumatatu, kisanduku hakipo.

"Mzee, nilikupunguzia kazi," Kiilu akasema, akitabasamu. "Nilizigusa zote kwa mgongo wa mkono, vile mama anagusa mtoto mwenye homa. Pipa bado ni moto, nikaliacha. Hiyo ndogo ilikuwa imepoa kabisa, nikaandika. Lori imebeba leo asubuhi."

Laban alichukua mashine yake. Alitaka kumfokea, akashindwa, maana neno lilikuwa lake. Hakuwahi kumwambia kijana huyu kwamba joto na mionzi si kitu kimoja. Na Dandora, yeyote atakayeona madini ya risasi atayayeyusha ayauze, na sindano zitabaki mikononi mwa watoto.

Dereva Patrobas akampeleka mbio yeye na Kiilu kwa pikapu ya hospitali. Jaani Laban alitembea na mashine yake katikati ya moshi na ndege korongo. Ilipoanza kulia kidogo, mbele yake alikuwepo mama mmoja, jina lake Wakiuru, akichambua chupa. Amekalia kisanduku. Bado kimefungwa.

"Mama, tafadhali, inuka polepole," akasema.

"Kwani kiti changu kimekukosea nini, baba?"

Laban nusura amkumbatie kwa furaha. Mama aliinuka, akina Kiilu wakakibeba kwa mti mrefu, na Laban akapima kila mahali mama alipogusa. Hakuna kilichovuja. Ndipo akachuchumaa akamweleza, kwa sababu aliona ana haki ya kujua alichokalia.

"Hii haina joto la kuhisi mkononi, lakini mionzi yake haiishi upesi. Kule hospitali tuna nyingine, kobalti, kali na yenye joto, lakini inapungua nusu kila miaka mitano na kidogo. Wajukuu wako wataikuta imechoka. Hii inapungua nusu kwa miaka elfu moja na mia sita."

Wakiuru akatazama kisanduku, akatazama kofia ya sufi. "Na wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Sasa baba, nani atakuwa anaketi nayo?"

Swali hilo lilipanda naye pikapu. Mezani kwa mkubwa wake kulikuwa na mpango wa shimo moja la saruji la kudumu miaka thelathini kwa mabaki yote, na Laban alikuwa ameshautia sahihi. Kesho yake akaenda kuifuta. Alisimama kofia mkononi, akasema kobalti, kama walioitengeneza hawataichukua, ipewe chumba chake chenye nafasi ya hewa, joto lisijilimbikize, na miaka kama hamsini itaimaliza karibu yote. Radiamu itiwe kwenye chuma kilichochomelewa, kwa kuwa hutoa gesi inayopenya ufa, na ikae mahali inapoweza kutolewa siku nchi itakapochimba shimo refu, chini kabisa. Saruji ya miaka thelathini ni utani mbele yake.

"Na mpaka hapo, Laban?" mkubwa akauliza.

"Mpaka hapo italindwa na watu."

Jioni hiyo alimketisha Kiilu ghalani, akamwekea mashine mapajani, akaanza kumfundisha upya, taratibu, kama mtu anayekabidhi mtoto. Kiilu akauliza atafundishwa mpaka lini. Laban akamwambia, mpaka naye awe na wa kumfundisha.