Mwalimu Leonida na Mabati ya Wanaorudi

Wanafunzi walimwita Madam Kidole, na jina lile alilistahili. Leonida Chepngetich alifundisha Kifaransa miaka ishirini na sita katika shule ya wasichana hapa Eldoret, na kila alipokutana na neno ne katika sentensi, aliweka kidole juu yake na kukiacha papo hapo. Hakufasiri kitu. Macho yalikwenda mbele kumtafuta mwenzake ne, na mpaka ampate, mdomo ulibaki umefungwa.

“Ne amebisha hodi tu,” aliwaambia wasichana. “Usimfungulie kabla hujaona amekuja na nani. Akija na pas, jambo limekanushwa. Akija na que, jambo lipo, ila limewekewa mpaka.”

Msichana aliyefasiri kabla ya kutafuta alipewa chaki asimame akichora ua ubaoni, ng’ombe mmoja ndani na wengine nje. Huyo wa ndani ndiye wa que. Wengine walichora ng’ombe hadi kidato cha nne.

Alikuwa mtu wa sala, na alikuwa mtu wa utani, na hayo mawili hayakugombana ndani yake. Angeweza kumaliza rozari na papo hapo akamwuliza padri kama malaika hupanda mahindi mapema au hungoja mbolea ya serikali kama sisi.

Nyumba yake ilikuwa Kimumu, ambako majirani walimwita Mama Cynthia. Upande wa pili wa ua aliishi Warigia, Mama Tabby, mwenye duka la unga, sabuni na mafuta ya taa. Kwa miaka kumi na moja wanawake hao wawili walizungumza juu ya ua ule kila asubuhi, zaidi wakilaumiana: jogoo wa huyu, redio ya yule. Januari ya mwaka 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, duka na nyumba ya Warigia viliteketezwa. Usiku huohuo Leonida aliwaficha Warigia na watoto wake watatu nyuma ya magunia ya mahindi, na kulipokucha akatembea nao hadi kanisani, akiwa amewafunga wote leso zake mwenyewe wasitambulike. Baada ya siku mbili alirudi kwenye majivu akaokoa vitu viwili, mizani ya duka na ile redio. Akavihifadhi chini ya kitanda.

Mwezi wa Mei Warigia alikuwa bado kambini pamoja na wengine waliokimbia makwao, katika hema kwenye uwanja wa maonyesho. Hali ilikuwa imetulia kidogo, na alikuwa ameshaamua kurudi Kimumu. Alichokosa ni paa. Basi parokia ikapata barua kutoka kwa masista fulani wa Ufaransa waliotaka kusaidia. Leonida hakuwepo siku barua ilipofika. Alikuwa Sugoi kwa mama yake, akipalilia mahindi.

Aliporudi Jumatano alikwenda kambini moja kwa moja, na kumkuta Warigia akikunja blanketi.

“Mama Tabby, unahama bila kuniaga?”

“Jumamosi kuna lori la Nyahururu. Ndugu yangu amesema nije.”

“Na Kimumu?”

“Kimumu nitalala chini ya nini, Mama Cynthia? Mabati yamekuja, lakini wanaorudi kwao hawapewi. Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili, wewe ukiwa shambani. Nimeshafutisha jina langu kwenye orodha ya wanaorudi.”

“Wanaorudi hawapewi? Na asiyerudi ataezeka nini, hema?”

“Hata mimi niliuliza hivyo. Nikaambiwa wazungu wana mipango yao.”

Leonida alikwenda ofisi ya parokia. Karani alikuwa Walubengo, mwanamume mnene mwenye moyo mzuri na majivuno mazuri zaidi. Aliwahi kuendesha lori la mafuta hadi Bujumbura kwa miaka minne, na ndiyo sababu yeye ndiye aliyepewa barua aifasiri. Kifaransa chake kilikuwa cha vituo vya mizigo. Kule barabarani watu wakizungumza haraka humeza ne, husema pas peke yake na maisha yanaendelea. Kwa hiyo ne Walubengo hakuwa amemzoea. Alikutana naye kwenye karatasi, akafungua kamusi ndogo, kamusi ikasema “si, ha-”, na yeye akaridhika.

Leonida aliomba barua akaweka kidole. Nous ne donnons les tôles qu’aux familles qui rentrent chez elles.

“Karani, umefasiri nini hapa?”

“Hatutoi mabati kwa familia zinazorudi kwao. Iko wazi.”

“Na huyu?” Kidole kilikuwa kimetembea hadi kwenye qu’, kale kaneno kalikopoteza irabu yake na kujishikiza kwa aux kama kupe.

“Hako ni kapambo. Kifaransa kinapenda mapambo.”

“Hako ni que. Wamesema hatutoi mabati ila kwa familia zinazorudi kwao. Yaani wanaorudi tu ndio wanapewa. Umesoma ‘hatutoi’ ukaacha ‘ila’ mlangoni. Umemnyima aliyeandikiwa.”

Walubengo alikunja barua polepole. “Mwalimu, ne ni ne. Nimewafundisha hata akina mama wa jikoni: ukiona ne, jua ni hapana. Halafu tangazo limeshasomwa mbele ya waumini. Tukianza kugeuza matangazo ya kanisa, kesho watageuza na ya ndoa.”

“Na wewe unaamini hivyo kabisa? Ne ni hapana?”

“Kabisa.”

“Hata ikiandikwa juu yako?”

“Hata juu ya Askofu.”

“Haya,” akasema Leonida, na kama Walubengo angekuwa mwanafunzi wake angejua kuogopa.

Kamati ya parokia ilikutana kila Alhamisi, na haikukutana bila chai. Mpishi, Mama Nangila, alikuwa na desturi yake: ubaoni jikoni kila mjumbe ameandikiwa anachokunywa, huyu bila sukari, yule bila maziwa, kwa kuwa mwaka mmoja mzee mwenye kisukari alikosewa kikombe akazimia katikati ya bajeti. Nangila alifuata ubao kuliko alivyofuata mwenyekiti. Alhamisi asubuhi Leonida alifika jikoni, akafuta mstari wa Walubengo na kuandika mpya: M. Walubengo ne prend que du thé au lait.

“Ni nini hiki, Mwalimu?” Nangila akauliza.

“Ni kinywaji cha karani. Usome mstari huo kwa kanuni aliyowafundisha mwenyewe.”

Nangila alikodoa macho. Aliiona ne. Akaona na neno thé, ambalo kila mmoja angelitambua. “Hanywi chai?”

“Mimi sijasema kitu.”

Mkutano ulianza saa nne. Chai ikaja, yenye tangawizi, na mandazi ya moto. Kikombe kilipita mbele ya Walubengo kikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Mungai. Kingine kikapita kwa katekista Kageha. Walubengo aliwekewa glasi ya maji. Alidhani yake inakuja. Akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita huku jicho moja likiwa mlangoni. Ajenda ya pili ikafika. Mandazi yakaisha. Kageha akafuta mdomo kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

“Mama Nangila,” Walubengo akasema mwishowe, “nimekukosea nini?”

“Hakuna, Karani. Ubao unasema hunywi chai.”

“Mimi? Mimi sinywi kitu kingine hapa isipokuwa chai ya maziwa. Mnanijua.”

“Ndivyo ilivyoandikwa,” Leonida akasema kutoka kiti cha nyuma. “Neno kwa neno. Hanywi kitu isipokuwa chai ya maziwa. Lakini tulifuata kanuni yako tukaishia kwenye ‘hanywi’.”

Ubao uliletwa mezani. Walubengo aliutazama kwa muda mrefu. Njaa humfanya mtu kuwa msomaji makini. Aliweka kidole kwenye ne, akasogeza macho, akaipata que.

“Lakini nitajuaje?” akauliza, na safari hii aliuliza kweli. “Zote zinaanza na ne.”

“Tafuta mwenzake. Halafu tazama chai yenyewe. Hapa pameandikwa du thé. Kama ungenyimwa, ingekuwa ne prend pas de thé. Chai ikikanushwa, hiyo du hunywea ikawa de. Hapa du imesimama wima, kwa sababu chai ipo mezani.”

“Ilikuwa mezani,” akasema Walubengo, akitazama kikombe cha Mzee Mungai.

Mzee Mungai aliomba barua. Leonida aliifasiri mstari kwa mstari, na safari hii Walubengo ndiye aliyeweka kidole. Walipofika mstari wa mwisho, Et nous ne donnons pas que des tôles, karani aliipata pas akafurahi, kisha akaipata na que, akachanganyikiwa. “Hawa wamekuja wawili.”

“Basi hapo kinachokanushwa ni ule mpaka wenyewe. Hatutoi mabati tu. Kuna na zaidi.” Na kweli, chini yake zilitajwa misumari, mbao na mbegu za mahindi.

Mzee Mungai alisema tangazo haliwezi kungoja Jumapili, kwa kuwa lori lilikuwa la Jumamosi. Walubengo akavaa koti. Alikwenda kambini mwenyewe, alasiri hiyo, akiwa hajala kitu, akasimama juu ya kreti la soda mbele ya mahema.

“Jumapili nilisoma vibaya,” akasema. “Kosa ni langu, si la masista. Wanaorudi kwao ndio wanaopewa mabati, na ni wao tu. Na hawatapewa mabati tu. Waliofutisha majina waje niwaandike.”

Warigia alikuwa ameshafunga mzigo kwa kamba. Alimtazama Leonida aliyesimama nyuma ya kreti.

“Hii ni kazi yako, Mama Cynthia?”

“Mimi sijasema kitu. Wewe fungua mzigo.”

Hakuufungua mara moja. Alikaa juu yake, akalia, kisha akamtuma Tabby kupanga foleni.

Paa lilipigwa misumari wiki ya kwanza ya Julai. Leonida alipitisha mizani juu ya ua, kisha, kwa shingo upande, redio. Jumatatu iliyofuata saa kumi na mbili asubuhi redio ililia, na Leonida akatoka na leso kichwani kulalamika. Alilalamika kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Siku moja tu hakutoka. Warigia akazima redio mwenyewe na kuruka ua, na Mungu alikuwa ameshampokea mtu wake.

Walimzika Sugoi, kando ya mama yake. Walubengo, aliyezeeka na kupungua mwili, alisoma wasifu kwa Kiswahili, na aliposoma aliweka kidole kwenye kila mstari. Baada ya sala alikwenda kupanga foleni ya chai. Nangila alikishika kikombe juu, akamtazama.

“Karani, leo ni pas au ni que?”

“Que, mama,” akasema Walubengo, machozi yakimtiririka. “Tafadhali.”

Akammiminia hadi juu.