Rudia Njia Niliyokuambia

Miaka ile, ukishuka kwenye mutumbwi pale Nchelenge kando ya ziwa na ukaomba njia kwa yaya, dada yangu mukubwa Chishimba, basi ujue umechelewa. Hakuna aliyemuuliza njia akaondoka mbio. Alikutua muzigo, akakukalisha juu ya gogo karibu na moto wake wa kukaushia samaki, akakuelekeza, halafu akakulazimisha useme yote tena kwa mudomo wako mwenyewe. Hata uwe pasta. Hata uwe muzungu wa boma. Mimi Eness, mudogo wake, nilikuwa nakausha samaki kwenye moto wa pili, na nilimucheka waziwazi: "Yaya, siku moja utamwambia mutu arudie hata jina la mama yake."

Yeye hakucheka. Na mimi nilijua sababu, ndiyo maana nilicheka sana.

Wanasema kuuliza si ujinga. Ujinga ni wa anayejibu hovyo, na sisi tulijibu hovyo. Mwaka wazungu walipoanza kutuchosha na habari za Federation, ile ya kuunganisha nchi zetu, alishuka mama mumoja kutoka ng'ambo, Kilwa ya Wabeleji, kikapu kichwani na mutoto mugongoni anakohoa. Alitaka lopitali ya bamasera, wale watawa wa kike walio juu ya kilima. Yaya alikuwa na kisu mukononi na rundo la samaki mbele yake. Hakuinua hata kichwa. Akamwambia, "Fuata barabara. Ukiona kitambaa chekundu kwenye muti, geuka kuume." Mama akashukuru, akaenda.

Kitambaa kile kilikuwa changu. Nilikitundika kule njia panda kufukuza ndege kwenye muhogo nilioanika juu ya mawe. Asubuhi ileile muhogo ulikuwa umekauka. Nikaukusanya, nikajifunga kitambaa kichwani, nikarudi nyumbani. Njiani nilipishana na yule mama. Tukasalimiana vizuri, nikasikia mutoto anakohoa, kila mutu akaendelea na safari yake.

Bila kitambaa, yeye aliendelea na njia pana, na njia pana inashuka matongoni. Kile ni kijiji cha zamani, watu walihamishwa kwa sababu ya malale, ugonjwa wa usingizi. Kuta zimeanguka, njia bado iko, wanyama wanaitumia, halafu inaishia kwenye matete na tope. Wavuvi waliokota kikapu chake. Yeye na mutoto hawakuonekana tena.

Yaya aliacha kula siku nne. Mimi habari ya kupishana sikumwambia. Niliogopa, nasema wazi. Tangu hapo hakutaja tena kitu kinachoweza kuondoka: si kitambaa, si mutu aliyekaa, si moshi wa nyumba ya fulani. Na hukuondoka kabla hujarudia.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa kumi, wakati mapori yanachomwa, moshi ulilala juu ya ziwa siku nzima, jua likawa jekundu na unaliangalia bila kufumba macho. Mutumbwi ulitoka ndani ya moshi ule bila sauti. Akashuka mwanaume wa miaka kama thelathini, viatu vya mugodini miguuni.

"Jambo, bamama. Jina langu Misheck. Naomba njia ya lopitali. Mama yangu amelazwa huko, wameniambia anangoja mimi tu ili aage dunia."

Alitaka kukimbia, na hakujua upande.

"Kaa, mwanangu," yaya akasema.

"Mama, sina nafasi ya kukaa."

"Ukipotea ndiyo hutakuwa nayo. Kaa. Moja: ziwa likae mukono wako wa kushoto, ufuate barabara mupaka daraja la magogo. Vuka. Mbili: mbele ya daraja utaona kichuguu kirefu kupita nyumba, na muti wa mukuyu umeota juu yake. Kiko kimoja tu. Hapo njia inagawanyika. Ile pana inayoshuka kushoto, iache. Shika nyembamba ya kuume, huu mukono wa kulia bukari, ugali wetu, ile inayopanda. Tatu: panda tu, usigeuke popote, mupaka musalaba wa bati. Ndiyo lopitali. Ukiona udongo mweusi unashika miguu, umepotea. Usikate porini. Rudi kwenye kichuguu, uanze hapo. Sasa rudia."

Misheck akarudia. Ziwa kushoto, akainua mukono wa kushoto. Daraja la magogo, kuvuka. Kichuguu chenye mukuyu. Njia pana kuiacha, nyembamba ya kuume kuipanda mupaka musalaba. Udongo mweusi, kurudi. Vizuri kabisa. Halafu akasema, "Na ya nne, yule mama atakayesimama pale kichuguuni na mutoto mugongoni, nisimufuate."

Samaki ikaniponyoka, ikaanguka kwenye moto.

"Hiyo nani amekuambia?" yaya akauliza polepole.

Misheck akamushangaa. "Si wewe, mama? Umesema sasa hivi."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Hakusema. Ninaapa mupaka leo, hakusema.

Yaya akamwambia arudie tena. Akarudia, na ya nne akaiweka mahali palepale. Yaya akaokota ile samaki motoni, akaiweka pembeni. Mwisho akasema, "Bon. Umerudia vizuri. Nenda."

Moshi ukamumeza kabla hajafika mbali. Siku ile sikumucheka yaya. Tulikaa karibu karibu, na kila tuliposikia mutoto wa jirani anakohoa tuligeuka wote wawili.

Siku ya tatu Misheck akarudi kutafuta mutumbwi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilimukuta anapumua," akatuambia. "Alinishika mukono mupaka alfajiri, ndipo akaaga. Aksanti, mama. Lakini iko neno linanikaba."

Akakaa kwenye gogo bila kuambiwa.

"Yule mama nilimukuta pale kichuguuni. Anaangalia miti, mumoja mumoja. Mutoto alikuwa anakohoa. Sikumufuata. Lakini yeye akaniuliza, akasema, 'Baba, hukuona kitambaa chekundu?' Nikamwambia achana na kitambaa, angalia kichuguu hiki, chenye mukuyu. Njia pana iache. Nyembamba ya kuume, panda mupaka musalaba. Akatangulia. Nilisikia kikohozi mbele yangu muda wote wa kupanda. Karibu na musalaba kikanyamaza. Nikauliza bamasera, wakasema hakuna mama aliyeingia na mutoto. Sasa sijui. Labda nimemuelekeza vibaya. Labda nimemupoteza mimi."

Yaya alimuinamia akamushika mabega.

"Misheck, jibu hili moja tu. Alirudia?"

"Alirudia, mama. Nilimwambia arudie kama ulivyonifanyia. Alisema yote, mara mbili."

"Ya nne hakuongeza?"

"Hapana. Zile zile tu."

"Basi amefika," yaya akasema. Akaketi chini kwenye muchanga, akalia kwa sauti, mutu mukubwa vile, mbele ya wavuvi wote.

Misheck alipopanda mutumbwi, nikapiga magoti karibu na yaya nikamwambia niliyoficha: kwamba nilipishana na yule mama, kitambaa kikiwa kichwani mwangu.

"Nilikiona siku ile uliporudi nacho," akasema. "Nilingoja useme."

Aliendelea kulia, na mimi pia. Mutumbwi mwingine ukafika, akashuka muzee mumoja na fimbo, akaomba njia ya lopitali. Yaya hakuweza kusema. Nikafuta macho kwa mukono wenye harufu ya samaki, nikamukalisha muzee juu ya gogo. Moja, daraja. Mbili, kichuguu. Tatu, musalaba.

"Sasa rudia, mukwai," nikamwambia kwa heshima.

Akarudia zote tatu. Nikangoja ya nne, nikimuangalia mudomo. Hakuongeza kitu, akashika fimbo yake akaenda.