Maswali ya Mama wa Vitenge Kabla ya Tovuti Yake

Mwaka ule vita vilipochukua miji ya mashariki, katikati ya Lubumbashi watu walizungumza kwa sauti ya chini hata madukani. Nilikuwa nikitengeneza tovuti katika chumba kilicho juu ya duka la vitenge la mama mmoja wa Kivu ya Kaskazini. Asubuhi moja alipanda ngazi, akakaa bila kusalimia. Mdogo wake, aliyelinda depo yao ya vitenge huko Kivu, alikuwa hapatikani kwa wiki tatu.

"Nataka site," alisema. "Akipata internet, atatuona. Lakini mi' sijue mambo ya ordinatere. Nitaweza?"

"Utaweza, mama. Mifano iko tayari mu kompyuta. Unaweka maneno na picha zako tu."

"Na jina ya site, nikilipa, ni yangu kwa siku zote?"

"Hapana, ni la kukodi, mwaka kwa mwaka. Ukiacha kulipa, mutu mwingine anaweza kulichukua."

"Na mdogo wangu atalipata wapi?"

Nikamweleza kwamba mashine za kutafuta zinaweza kuchukua siku au wiki nyingi kabla ya kuionyesha tovuti yetu. Kwa hiyo tukachagua jina la duka lenyewe, ili mdogo wake aliandike moja kwa moja.

"Nikizima ordinatere yangu, itazimika?"

"Hapana. Kurasa zinakaa ku mashine ingine, mbali, haizimwi. Tunakodi nafasi mule."

"Nani ataiona?"

"Kila mutu."

"Hata bale benye bunduki, benye kumutafuta mdogo wangu?"

"Hata bale. Na picha ukiiondoa, nakala inaweza kubaki kwa batu bengine."

Akaiondoa mezani picha ya mdogo wake aliyotaka tuiweke, akairudisha katika mkoba. Tuliweka vitenge tu, na fomu ya kuandikia ujumbe.

Siku mbili baadaye internet ikakatika mji mzima. Maduka yakafunguliwa nusu mlango. Kila asubuhi alipanda, akasimama mbele ya skrini tupu.

"Iko inawaka?"

"Iko. Ni sisi tumefungiwa inje."

"Basi iko kule peke yake," alinong'ona.

Siku ya tano mtandao ulirudi. Fomu ilikuwa imepokea jumbe saba. Sita za kwanza hazikuwa na jina, zilikuwa nukta moja moja, zote za saa sita kamili mchana. Nilimwambia kuna programu zinazozunguka zikijaza fomu za watu. Wa saba aliusoma mwenyewe, akifuata maneno kwa kidole: "Yaya, dada yangu, niko Uganda. Simu ni ya mutu. Usiandike jina yangu."

Mdogo wake alifika baada ya miezi, amekonda, akiwa amepitia Zambia na mpaka wa Mokambo. Nilimuuliza habari za nukta.

"Mimi niliandika mara moja tu," alisema.

Niliongeza kwenye fomu hesabu ndogo ambayo programu hushindwa kuijibu, na nukta zikakoma. Hata hivyo dada yake hakuufungua tena ukurasa ule akiwa peke yake. Alikuwa akiniita kwanza kutoka dukani, na sikuwahi kukataa kushuka.